Mbona Ile Yakonyeza na Ile Haikonyezi?

Umeme ulikatika tulipotoka tu kuswali isha, na joto la Kibokoni mwezi wa Desemba halina huruma. Tukapanda juu ya dari, mimi na mpwa wangu Salimu, aliyekuja kutoka bara kumalizia likizo kwetu. Mji mzima giza. Kwa mara ya kwanza mtoto aliziona nyota za Mombasa.

"Mjomba, ile yakonyeza," akasema, kidole upande wa mashariki, juu kidogo ya minazi ya ng'ambo. Ilikuwa yageuka nyekundu, mara kijani, mara nyeupe. Kisha akainua kidole utosini. "Na ile haikonyezi. Mbona?"

"Ile ya chini ni Shira. Ndiyo iliyotajwa katika Suratun Najm. Hii ya utosini si nyota, ni sayari, Mshtarii."

"Kwa hiyo Shira yazimika na kuwaka?"

"Hata. Yawaka vile vile tu. Kinachocheza ni hewa, na iko hapa hapa kwetu. Hebu tazama jiko la jirani."

Chini uchochoroni jirani alikuwa achoma mishkaki, taa ya chemli pembeni. Nyuma ya makaa, ukuta ulikuwa wayumbayumba.

"Ukuta watikisika!"

"Ukuta wa mawe na chokaa, utikisike kwa mishkaki?" Akacheka. "Hewa ya moto na hewa ya baridi hazipindi mwanga sawasawa. Na huko juu kumejaa mafungu ya hewa kama hayo, upepo wayasukuma. Mwanga wa nyota wapindishwa huku na huku hadi ukufikie."

Alinyamaza kidogo. "Lakini Mshtarii nayo mwanga wake si wapita hewa hiyo hiyo?"

Hapo ndipo watu wazima wengi tunapokwama. Mimi mwenyewe niliwahi kumjibu dada yake, "kwa sababu sayari ziko karibu," nikajiona nimemaliza. Ni kweli, lakini ukaribu peke yake haujaeleza kitu.

"Jana pwani, maji ya magoti, jua kali. Uliona nini mchangani chini ya maji?"

"Mistari ya mwanga. Kama wavu, yakimbiakimbia."

"Vyema. Sasa wewe ni kaa mdogo umekaa hapo chini. Mstari ukikupitia?"

"Naona mwanga mkali."

"Ukipita?"

"Hafifu. Halafu mkali tena." Akashtuka. "Yakonyeza!"

"Basi jicho lako ndiye kaa, hewa ndiyo maji, na nyota ndiyo jua. Na juzi kulipotanda mawingu, wavu uliuona?"

"Sikuuona. Na mawimbi yalikuwa makubwa zaidi."

"Kwa nini?"

Akakuna kichwa. Sikumsaidia, nilimenya chungwa nikamwachia nafasi.

"Kwa sababu... mwanga ulitoka mbingu nzima?"

"Ndiyo! Kila kipande cha mbingu kilitandaza wavu wake, nyavu zikapandana hadi matundu yakazibika. Mshtarii ni hivyo. Wewe waona nukta, lakini ukiitazama kwa darubini ni duara. Upana wake kwa jicho ni kama sehemu 1 ya 40 ya upana wa mwezi. Kila upande wa duara lile wakonyeza kwa wakati wake: huku ukififia, kule wang'aa. Ukijumlisha, yatulia."

"Na Shira ni ndogo?"

"Ni kubwa kuliko jua letu! Ila mwanga wake wasafiri zaidi ya miaka 8 kutufikia, na wa Mshtarii ni zaidi ya nusu saa tu. Kwa umbali ule Shira yabaki nukta tupu."

"Na zile rangi?"

"Iko chini, mwanga wake wakatiza hewa nyingi zaidi. Hewa hiyo yatenganisha rangi kidogo, kama upinde wa mvua, na kila rangi yapita njia yake. Nyekundu ikififia, kijani yakufikia. Lakini usije ukadanganyika: hata Zuhura ikikaribia kutua huweza kumetameta."

"Na ukiwa juu kuliko hewa?"

"Hakuna kukonyeza kabisa. Ndiyo maana mwaka 1990 walirusha darubini ya Hubble angani. Wewe waona raha, lakini kwa wenye darubini ardhini mchezo huu huwavurugia picha."

Umeme ukarudi. Uchochoro mzima ukapiga kelele za furaha, feni zikaanza kuvuma, na nyota nusu zikapotea. Nikasimama nishuke. Salimu alibaki, amekinga viganja pembeni mwa macho kuzuia taa ya msikiti.

"Nenda tu, Mjomba. Bado naiona."