Nyimbo Nne za Kumuaga Madamu wa Hesabu

Kwa viongozi wa darasa: Ijumaa tunamuaga Madamu. Ametimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa mtumishi wa serikali, na anarudi kwao Mbale. Nyimbo ni hizi. Nimezitunga fupi ili hata wa la kwanza wazishike kabla ya siku yenyewe. Msizirefushe.

WIMBO WA KUINGILIA
(Ngoma moja na kayamba. Shule nzima imesimama chini ya mwembe, Madamu anatoka ofisini.)

Kiongozi: Nani alitushika vidole tukiandika "a"?
Wote: Ni wewe, Madamu, ni wewe!
Kiongozi: Nani aliita majina bila kufungua daftari?
Wote: Ni wewe, Madamu, ni wewe!
Kiongozi: Nani alijua nani hajanywa uji?
Wote: Ni wewe, Madamu, ni wewe!
Kiongozi: Nani alisema, "Kosea, kisha ufute"?
Wote: Ni wewe, Madamu, ni wewe!
Kiongozi: Soksi safi za leo, tumemvalia nani?
Wote: Ni wewe, Madamu, ni wewe!

Wote, mara mbili:
Asante, Madamu, asante sana,
mkono uliotushika leo tunaushika.

(Hapo mtoto mmoja wa la kwanza anaenda kumshika mkono na kumpeleka kwenye kiti. Mmoja tu, tafadhali. Mwaka jana walienda wote na kiti kikaanguka.)

WIMBO WA VIDOLE
(La kwanza na la pili. Kila namba wanainua kidole.)

Moja ni kidole changu,
ulikishika, Madamu.
Mbili ni macho yako,
yalituona, Madamu.
Tatu mihula ya mwaka,
ulifika tu, Madamu.
Nne kengele ya uji,
ulitungoja, Madamu.
Tano mkono mzima,
twakupungia, Madamu.

(Wakisahau ya nne, waacheni wapige kelele "Uji!" Yeye mwenyewe atacheka.)

UTENZI WA LA SABA
(Bila ngoma. Polepole, kila ubeti mtu mmoja, mstari wa mwisho wote.)

Tulipokuwa la kwanza,
herufi ukatufunza,
polepole tukaanza
kusoma tukisimama.

Chapati uligawanya,
vipande tukakusanya,
hesabu tukazifanya,
robo, nusu, tukasema.

Mvua ikipiga bati,
haikufika sauti,
ukaja kuketi kati,
hadithi tukaisoma.

Mtihani wa la saba,
hofu ilipotukaba,
maneno yako ni tiba:
"Soma swali, kisha pima."

Leo sitini yatosha,
kazi umekamilisha,
chaki umeipumzisha,
nasi twasema: salama.

(Ubeti wa chapati aimbe yule aliyetumwa siku ile kwa muuza rolekisi wa getini, akarudi na chapati nne badala ya tano. Anajijua. Tuliisoma hesabu ya sehemu kwa zile nne, na baadaye tukala majibu. Aimbe kwa sauti ya juu, asione haya.)

WIMBO WA NJIANI
(Tunamsindikiza hadi getini, taksi ikisubiri. Ngoma inarudi, lakini kwa upole.)

Kiongozi: Ukipita Tororo, utauona mwamba.
Wote: Uusalimie, Madamu, uusalimie.
Kiongozi: Uambie watoto wa Busia wanajua kugawanya.
Wote: Uusalimie, Madamu, uusalimie.

Wote:
Nenda salama, Madamu, nenda polepole,
mzigo wako mwepesi, shukrani zetu nzito.

Kiongozi: Ukifika Mbale, mlima Wanale utakuona.
Wote: Uketi kivulini, Madamu, uketi.
Kiongozi: Kahawa ikichemka, usiangalie saa.
Wote: Uketi kivulini, Madamu, uketi.
Kiongozi: Hakuna kengele tena, hakuna vitabu vya kusahihisha.
Wote: Uketi kivulini, Madamu, uketi.

Wote:
Nenda salama, Madamu, nenda polepole,
mzigo wako mwepesi, shukrani zetu nzito.

Kiongozi: Na ukitukumbuka usiku,
Wote: tuite majina, Madamu, tuite majina.
Kiongozi: Bila kufungua daftari,
Wote: tutaitika huku, tutaitika: "Nipo, Madamu!"

(Mstari wa mwisho hauimbwi, unaitikwa kama asubuhi darasani, kila mmoja mkono juu. Rudieni mpaka taksi ishike barabara ya lami. Taksi inapoondoka, mpiga ngoma aache kupiga, sauti zibaki peke yake.)