Asali ya miombo kutoka Sikonge, Tabora: mavuno ya Juni

Asali hii imerinwa na baba yangu mdogo na wanawe kwenye mizinga ya magogo waliyoitundika porini, wilayani Sikonge. Ni pori la miombo: mtundu, muba na mninga, na nyuki wanachota popote penye maua. Kwa hiyo siiuzi kwa jina la ua moja. Ni ya nyuki wakubwa, si ya nyuki wadogo wasiouma.

Masega hatuyachemshi wala hatuyakamui kwa mkono. Tunayakata, tunayaacha yachuruzike yenyewe, kisha tunachuja kwa kitambaa safi. Hatuongezi kitu. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea. Ni nzito, ukiinua kijiko inashuka kama uzi usiokatika. Ina harufu ya mbali ya moshi, maana warinaji wetu bado wanatumia mwenge. Kama moshi huupendi kabisa, hii haitakufaa.

Sasa, kuganda. Mwaka jana mteja wa Njombe alinirudishia dumu zima akiamini nimetia sukari, na iliniuma. Asali ni sukari mbili hasa, glukosi na fruktosi, ndani ya maji machache sana. Glukosi haikai sawasawa kwenye maji hayo. Baridi ikiingia inajitenga na kuwa chenga. Utaona wingu jeupe chini ya chupa, linapanda taratibu mpaka yote inakuwa laini ya kupaka kwenye mkate. Dar inaweza kukaa miezi ikiwa majimaji. Njombe au Lushoto ni wiki chache tu. Haijaharibika. Ukiitaka irudi, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia, ubadilishe yakipoa. Usiweke jikoni juu ya moto: utapoteza harufu yake. Na usiiweke kwenye friji.

Vipimo nataja vyote viwili, kwa sababu lita ya asali si kilo. Ina takribani kilo 1.4.

Chupa ya glasi, gramu 500: sh. 9,000
Kopo la lita 1 (kilo 1.4): sh. 20,000
Dumu la lita 5 (kilo 7): sh. 90,000

Chupa na kopo vina mdomo mpana, kijiko cha mezani kinaingia bila shida hata asali ikiwa imeganda. Dumu lina mdomo mwembamba, hivyo ukikaa kwenye baridi nakushauri uchukue makopo matano badala yake. Nitakufanyia bei ile ile ya dumu.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hii wala nyingine yoyote.

Mzigo unatoka Tabora mjini kwa basi kila Jumamosi, nauli ya mzigo ni ya mnunuzi. Tuma ujumbe hapa kwenye tangazo kabla ya Ijumaa mchana, utaje kipimo na mji ulipo.