Yah: Kasoro katika rasimu ya kumbukumbu za Kikao cha 43 cha Bodi na pendekezo la kuirekebisha

SIRI

Ofisi ya Katibu wa Kampuni,
Tanga.
17 Machi 2025

Kumb. Na. KK/BODI/43/07

Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi.

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini funga inakwenda salama na nyumbani hawajambo.

Nakuandikia kuhusu rasimu ya kumbukumbu za kikao cha tarehe 27 Februari, niliyoisambaza kwa wajumbe tarehe 6 mwezi huu. Aya ya 6.4, inayohusu mkopo wa kununua mashine mpya ya korona, haisemi kile Bodi ilichoamua. Bodi iliidhinisha mkopo kwa sharti kwamba hati ya Shamba la Juu isiwekwe rehani. Rasimu imeliacha sharti hilo lote. Kosa ni langu. Nimeligundua Ijumaa iliyopita, wakati rasimu imeshakaa kwa wajumbe siku nane na ukurasa huo mmoja umeshafika benki, ndiyo maana sikuona vyema lisubiri mpaka kikao cha Mei.

Ijumaa mchana Meneja wa Fedha alikuja ofisini kwangu na fomu ya benki. Walihitaji nakala ya azimio la mkopo yenye sahihi yangu na mhuri wa Kampuni. Kabla ya kugonga mhuri kwenye nakala ya azimio huwa narudi kwenye daftari la kikao, hata kama kumbukumbu nimeziandika mwenyewe. Nikafungua ukurasa wa Ajenda ya 6. Katikati ya ukurasa, kwa mkono wangu, pameandikwa: "SI Shamba la Juu. Mitambo + jengo la kiwanda TU." Nimepiga mstari chini yake mara mbili. Nikaweka rasimu pembeni ya daftari, nikaisoma aya ya 6.4 neno kwa neno, na sharti halimo. Sikugonga mhuri. Nilimwomba Meneja aniachie fomu, nikarudia kusikiliza sauti ya kikao.

Mvua ilikuwa inapiga bati siku ile, na dakika kadhaa hazisikiki vizuri. Lakini sehemu hii inasikika. Mjumbe anayewakilisha wakulima wenye hisa aliomba kauli baada ya Meneja Mkuu kumaliza kuwasilisha waraka. Alisema Shamba la Juu linalimwa na familia 212 kwa mikataba na Kampuni, na kwamba mkopo ukikwama, benki haitauliza mkonge ule ni wa nani. Mjadala ulichukua kama dakika 20. Kisha wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, ulilisoma azimio lililofanyiwa marekebisho mara mbili, polepole, ukauliza kama yupo asiyekubali. Wajumbe wote sita waliokuwepo wakakubali.

Sasa sharti lilipotelea wapi? Nilipokuwa naandaa rasimu nilichukua maneno ya azimio kutoka kwenye Waraka wa Bodi Na. 43/6 ambao menejimenti iliuandaa kabla ya kikao, nikayaweka kwenye aya ya 6.4 kama yalivyo, nikikusudia kurudi kuyasahihisha kwa kufuata daftari. Sikurudi. Waraka uliomba mkopo "kwa dhamana ya mali za Kampuni zinazohamishika na zisizohamishika", na maneno hayo ndiyo yaliyobaki. Kwa hiyo rasimu inaonyesha azimio lililoombwa, si lililopita. Baya zaidi, aya ya 6.3 inaeleza kwamba mjumbe alitoa hoja kuhusu Shamba la Juu. Msomaji akiunganisha aya hizo mbili ataelewa kwamba hoja ilisikilizwa na Bodi ikaikataa, wakati Bodi iliikubali kwa kauli moja. Hilo limeniuma kuliko kosa lenyewe, kwa sababu mjumbe yule anatakiwa kwenda kuwaeleza wakulima alichokipata.

Athari zake si za maandishi tu. Benki ikipokea azimio lisilo na sharti, wanasheria wake wataandaa rehani juu ya mali zote, hati ya shamba ikiwemo, na rehani ya ardhi ikishasajiliwa kwa Msajili wa Hati, kuitoa ni safari nyingine. Rehani za Kampuni husajiliwa pia BRELA, na huko kila mwenye kupekua jalada letu ataikuta. Tutakuwa tumefunga kwa mhuri wetu wenyewe kitu ambacho Bodi ilikataa kukifunga.

Bahati ni kwamba kumbukumbu hizi bado ni rasimu. Hujazitia sahihi. Chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, kumbukumbu zikishasainiwa na mwenyekiti wa kikao, au wa kikao kinachofuata, ndipo zinapokuwa ushahidi wa yaliyoamuliwa. Kwa sasa tuna nafasi ya kusahihisha bila kuhitaji azimio jipya, kwa kuwa uamuzi wa Bodi haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni maelezo yangu ya uamuzi huo.

Napendekeza aya ya 6.4 yote ifutwe na mahali pake pasomeke hivi:

"6.4 Baada ya mjadala, Bodi ILIAZIMIA kwa kauli moja kuidhinisha mkopo usiozidi shilingi milioni 640, wa muda usiozidi miaka 5, kwa ajili ya kununua korona moja na mashine mbili za brashi, KWA SHARTI kwamba dhamana ya mkopo itakuwa mitambo ya Kampuni na jengo la kiwanda pekee, na kwamba hati ya Shamba la Juu haitawekwa rehani wala kukabidhiwa kwa mkopeshaji kwa mkopo huu. Iwapo benki haitaridhika na dhamana hiyo, Menejimenti itarudi kwenye Bodi kabla ya kuendelea na mazungumzo."

Sentensi ya mwisho nayo imo kwenye sauti. Uliitamka mara ya pili ulipokuwa unasoma azimio, na Meneja Mkuu akajibu kwamba ameelewa. Nimeirejesha kwa sababu ni sehemu ya uamuzi, si kwa sababu inapendeza.

Nimesoma pia rasimu nzima, ajenda kwa ajenda, nikilinganisha na daftari na sauti. Nimekuta dosari nyingine moja ndogo: kikao kilifungwa saa 9:40 alasiri, rasimu inasema saa 8:40. Zaidi ya hizo sikuona kitu.

Kuhusu namna ya kusahihisha, naomba ruhusa yako tufanye wazi. Ofisini nimeshauriwa, kwa nia njema, nibadilishe faili kwenye folda ya Bodi kimyakimya na wajumbe hawatagundua, maana wengi wao huisoma rasimu usiku wa kuamkia kikao. Siwezi kufanya hivyo. Wajumbe wawili wameshanijibu kwamba wamesoma na hawana la kuongeza, na mmoja wao alichapisha nakala yake. Tukibadilisha bila kusema, Mei tutakuwa na nakala mbili zenye tarehe moja na maneno tofauti, na atakayeinua mkono kuuliza atakuwa na haki ya kushuku kila ukurasa niliouandika kabla ya huu.

Kwa hiyo, ukikubali, kesho kutwa Jumatano nitawatumia wajumbe wote saba, pamoja na yule aliyekuwa na udhuru, rasimu ya pili yenye alama ya "Rasimu ya 2, inachukua nafasi ya ile ya 6 Machi 2025", maneno yaliyofutwa yakionekana yamepigwa mstari na mapya yakiwa kwa wino mzito. Itasindikizwa na barua hii fupi:

"Ndugu Wajumbe, rasimu ya kumbukumbu za Kikao cha 43 mliyoipokea tarehe 6 Machi ina kosa katika aya ya 6.4: imeacha sharti la dhamana ambalo Bodi ililipitisha. Kosa ni la Katibu. Rasimu sahihi imeambatishwa, na marekebisho yameonyeshwa. Tafadhali acheni kutumia ile ya awali. Mwenye kumbukumbu tofauti ya uamuzi huo anijulishe kabla ya tarehe 28 Machi."

Rasimu ya kwanza itabaki kwenye jalada ikiwa imeandikwa "Imeondolewa", pamoja na barua hii. Katika kikao cha tarehe 29 Mei, chini ya ajenda ya kuthibitisha kumbukumbu, nitaeleza kwa sentensi mbili kilichotokea, wajumbe wathibitishe rasimu ya pili, nawe uisaini na kuweka vifupi vya jina lako kila ukurasa. Sauti ya kikao, ambayo kwa utaratibu wetu hufutwa kumbukumbu zikishathibitishwa, naomba safari hii tuitunze mpaka mkataba wa mkopo usainiwe.

Kuna jambo moja naomba msimamo wako. Jumamosi nilimjulisha mjumbe wa wakulima kwa simu, kwa kuwa hoja ilikuwa yake. Alishukuru, kisha akaniomba, kwa kuwa aya inaandikwa upya, niongeze kwamba Shamba la Juu halitawekwa rehani kwa mkopo wowote siku zijazo. Namwelewa. Lakini hilo halikusemwa kikaoni, na Bodi haikuliamua. Nilimweleza kwamba anaweza kulileta kama ajenda ya Mei na nitamsaidia kuandaa waraka wake. Nikiliingiza sasa, nitakuwa nimerudia kosa lilelile kwa upande wa pili.

Benki ndiyo ya haraka kuliko yote. Meneja wa Fedha aliwatumia ukurasa wa rasimu kwa barua pepe tarehe 12 Machi ili waanze kuandaa karatasi zao. Hakuwa na nia mbaya, ila rasimu isiyothibitishwa haikupaswa kutoka. Nimeandaa barua ya kuwajulisha kwamba ukurasa ule si azimio la Bodi, waache kuutegemea, na kwamba watapata nakala ya azimio yenye sahihi yangu na mhuri. Ipo tayari kwa sahihi yako. Nakala hiyo nitaigonga mhuri baada ya wajumbe kupata rasimu ya pili na tarehe 28 kupita bila pingamizi. Meneja wa Fedha ana wasiwasi kwamba muuza mitambo anasubiri malipo ya awali, lakini tumezungumza na amekubali wiki hizo mbili.

Nitafika nyumbani kwako kesho baada ya Alasiri nikiwa na daftari, sauti na barua ya benki, ili usikilize mwenyewe kabla ya kusaini. Kama muda huo si mzuri, nipigie nije wakati utakaopanga.

Wako mtiifu,

Rehema
Katibu wa Kampuni

Viambatisho: nakala ya ukurasa wa daftari la kikao, Ajenda ya 6, rasimu ya 2 yenye marekebisho, Waraka wa Bodi Na. 43/6; barua kwa benki.