Taarab Haikuja na Jahazi Peke Yake

Kwenye harusi za Kirumba na Mkuyuni, hapa Mwanza, taarab ikianza hakosekani mtu wa kusema, "Muziki wa watu wa pwani huo." Shangazi yangu ni Msukuma wa Magu, na Unguja hajawahi kuiona. Lakini kanda ikifika kwenye ubeti anaoupenda huinuka na noti mkononi, akaenda kutunza kwa mwendo wa madaha. Naandika insha hii kwa sababu naamini shangazi hajaazima kitu cha mtu.

Neno lenyewe ni la Kiarabu: tarab, ile hali ya moyo kutekwa na wimbo. Masimulizi ya Unguja yanamtaja Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kuwa ndiye aliyealika wanamuziki wa Misri kwenye jumba lake, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim Kairo kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Hadi hapo nyimbo zilikuwa za Kiarabu na wasikilizaji walikuwa wachache, wenye nafasi.

Wengi huishia hapo, wakasema taarab ililetwa na kaskazi, upepo uleule ulioleta tende na vitambaa kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Ni kweli, lakini ni nusu ya safari. Jahazi halirudi tupu. Kusi ikivuma lilibeba pembe za ndovu, na pembe zile zilitoka huku kwetu. Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, na tawi jingine likapanda kaskazini kupitia Karagwe kuelekea Buganda. Waliobeba mizigo hiyo kichwani na mabegani walikuwa hasa Wanyamwezi, na ndugu zao Wasukuma wakiwamo. Walitembea wakiimba, maana mzigo mzito hauendi bila wimbo wa kupokezana. Wengine hawakwenda kwa hiari: walifikishwa pwani wakiwa watumwa, na ngoma zao zikabaki Unguja pamoja nao.

Kwa hiyo simwoni mwimbaji Siti binti Saad kama bahati nasibu. Alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, watu wa ukoo wa kitumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Huyo ndiye aliyeichukua sanaa ya jumba la Sultani akaiimba kwa Kiswahili, mbele ya watu wa Ng'ambo, upande wa wanyonge wa mji wa Unguja, akitaja dhuluma na kesi za mahakamani ambazo kila mtu mtaani alizijua. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Nadhani hapo ndipo taarab ilipozaliwa hasa. Kabla yake kulikuwa na muziki wa Kiarabu uliopigwa Unguja.

Kisikilize kikundi kamili utaisikia ramani yote. Udi na kanuni ni vya Waarabu. Fidla ni ya Ulaya, ila upigaji wake umepitia Misri, na ndiyo maana zinapigwa nyingi kwa pamoja na kuteleza kati ya sauti. Chini yake kuna mapigo ya ngoma za kwetu, na kwenye kidumbak, ndugu yake taarab wa mtaani, mapigo hayo hutoka mbele kabisa. Mombasa wakaongeza taishokoto, ala ya nyuzi ya Kijapani, na mahadhi ya filamu za Kihindi. Tanga wakaingiza gitaa. Lakini kinachoshika vyote hivyo visisambaratike ni shairi. Mizani minane kwa minane, kina cha kati na kina cha mwisho: ala yoyote ikiingia lazima isubiri kina kifike. Mgeni hupewa kiti, lakini mpangilio wa nyumba ni wa mwenyeji.

Mwaka huohuo wa 1928, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Ilifuata kwa sehemu kubwa nchi ileile ya wapagazi, safari hii ikishusha pamba kwenda bandarini na kupandisha bidhaa za madukani. Marehemu babu yangu wa Ukerewe alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, aliyoinunua kwa fundi cherehani mjini, na santuri tatu za Siti zilizochakaa. Jioni aliiweka barazani, majirani wakakaa kwenye mkeka. Habari za baba yake Siti hakuwa amezisikia kamwe. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akamwambia bibi kwa Kikerewe kwamba mama huyu anaimba kama wanawake wa kwao walipokuwa wakitwanga.