Barua kwa Mhariri Mkuu: ripoti ya mgonjwa aliyepata pelagra akitumia isoniazidi

Dodoma
14 Julai 2025

YAH: KUWASILISHA RIPOTI YA MGONJWA ALIYEPATA PELAGRA AKIWA KWENYE DAWA KINGA YA KIFUA KIKUU

Ndugu Mhariri Mkuu,

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Kwa niaba ya waandishi wenzangu wawili, daktari wa ngozi na mfamasia, naomba kuwasilisha ripoti hii ili ifikiriwe kuchapishwa katika jarida lako.

Mgonjwa ni mama wa miaka 34 anayeishi na VVU. Anatumia TLD, na virusi vyake vimefubaa. Alianzishiwa isoniazidi 300 mg kwa siku pamoja na vitamini B6 25 mg, kwa mpango wa miezi 6. Katika mwezi wa tano wa dawa hiyo alianza kuwashwa na kuungua ngozi ya shingo na mikono, kisha akaharisha, akakosa usingizi na kusahau hadi zamu yake ya kuchota maji. Kabla ya kufika kwetu alikuwa ametibiwa kama mwenye mzio, akapewa predinisoloni na krimu ya fangasi, bila nafuu.

Muuguzi alipompandisha mkono wa gauni ili apime shinikizo la damu ndipo picha ilipojitokeza. Ngozi nyeusi, kavu, yenye magamba ilianzia vidoleni na kukatika ghafla pale mkono wa gauni unapoishia, pande zote mbili sawasawa. Chini ya bangili ngozi ilikuwa laini kabisa. Shingoni alama ilizunguka kama ule mkufu unaoitwa wa Casal. Kwa kawaida mzio wa dawa hauchagui mahali jua linapopiga kwa usahihi wa namna hiyo.

Tulisimamisha isoniazidi na kumpa nikotinamidi 300 mg kwa siku, ikigawanywa mara tatu. ARV hatukuzigusa. Kuharisha kulikoma ndani ya siku chache, usingizi ukarudi, na hadi mwisho wa wiki ya nne magamba yalikuwa yamepukutika.

Kwamba isoniazidi inaweza kuleta pelagra si jambo geni. Mwili hutengeneza sehemu ya niasini yake kutoka triptofani, kazi inayohitaji vitamini B6, na isoniazidi huifunga vitamini hiyo. Tena yenyewe inafanana kimaumbile na nikotinamidi. Kisicho cha kawaida hapa ni kwamba mgonjwa alikuwa akimeza B6 kila siku, na kumbukumbu za dawa zinaonyesha hakukosa kuichukua. Wengi wetu tukishaandika B6 tunaridhika kwamba tumemkinga mgonjwa na madhara ya isoniazidi. Kinga hiyo tunaifikiria zaidi kwa ganzi ya miguu, niasini hatuiulizii.

Lishe yake ilikuwa ugali wa mahindi kwa mlenda, nyama kwa nadra. Niasini ya mahindi imefungamana kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuipata vizuri. Hata hivyo mumewe na watoto wawili, waliokula chungu kimoja naye, hawakuwa na dalili yoyote. Hakuwa akinywa pombe.

Kwa kipimo cha Naranjo tumepata alama 4, yaani uhusiano na dawa unawezekana, bila kufikia kiwango cha kuelekea kuwa kweli. Alama hiyo tumeiacha ilivyo. Lishe ni sababu mbadala ambayo hatuwezi kuiondoa, na kwa kuwa nikotinamidi ilianza siku ileile dawa iliposimamishwa, hatuwezi kusema nafuu ilitokana na lipi kati ya hayo mawili. Kiwango cha niasini mwilini hakikupimwa, kwa kuwa maabara yetu haina kipimo hicho. Maoni yetu ni kwamba dawa na lishe vilishirikiana.

Tunaamini wasomaji wako wanaohudumu kliniki za CTC wataihitaji ripoti hii. Mgonjwa mwenye VVU akitokwa na vipele, ARV ndizo hushukiwa kwanza. Mama huyu alikuja akiwa amekwisha ambiwa kwamba huenda zikabadilishwa, na mwenyewe alikuwa anafikiria kuziacha. Angeziacha, angepoteza dawa zinazomlinda huku ugonjwa ukiendelea.

Mgonjwa ametoa ridhaa ya maandishi kwa Kiswahili, zikiwemo picha za mikono na shingo zisizoonyesha sura. Ripoti imefuata mwongozo wa CARE, na taarifa ya madhara imetumwa TMDA kwa fomu ya njano. Haijachapishwa wala kuwasilishwa kwingine. Hatukupata ufadhili, hatuna mgongano wa maslahi, na waandishi wote wameisoma na kuiridhia. Kwa kuwa hatuna bajeti ya uchapishaji, tunaomba msamaha wa ada iwapo utaratibu wa jarida unaruhusu.

Tungependa mmoja wa wapitiaji awe mtaalamu wa lishe, kwani hoja yetu inayohitaji kupimwa kwa ukali zaidi iko hapo. Picha za ukubwa kamili ziko tayari zikihitajika.

Wako mwaminifu,

Dkt. Neema Mwakalinga
Daktari wa magonjwa ya ndani, mwandishi wa mawasiliano