Jumapili tunapika mara ya mwisho, kisha safari ya Kyela

Wapendwa wa Jiko la Barabara ya Kumi, salaam kutoka Tanga.

Naanza na habari yenyewe, asije mtu akaisikia kwa jirani kabla sijamwambia mimi. Jumapili hii, tarehe 26 Aprili, saa moja jioni, tunapika mubashara kwa mara ya mwisho kwa mtindo mliouzoea. Baada ya hapo kituo chetu cha YouTube kinapumzika miezi mitatu. Tunarudi Jumapili ya tarehe 2 Agosti, na tukirudi hatutakuwa tena na pishi jipya kila wiki. Tutachukua chakula kimoja na kukifuata kuanzia kinakotoka mpaka kinapoiva sufuriani. Itakuwa video moja ndefu kila mwezi, na mapishi yatakuwa humo humo ndani.

Mimi ni mzima, nyumbani ni salama, kituo hakijauzwa wala hakuna tuliyegombana naye. Nimelitaka jambo hili kwa muda mrefu, na leo nikiwaandikia nina furaha ya mtu aliyeshafunga mizigo.

Wazo mmelileta ninyi. Mnakumbuka video ya wali wa nazi, ile iliyopata maoni mengi kuliko zote? Dada mmoja wa Mbeya aliandika kwamba wali wake umetoka mashendea. Mama mmoja aliyeko Maskati akasema wake umebaki na kiini, akaongeza tui, bado mgumu. Kaka wa Morogoro alisema umekubali mara ya kwanza, na picha akaleta. Wote walitumia kipimo kilekile, kikombe kwa kikombe. Wengine wakaanza kubishana pale chini nani anajua kupika na nani hajui, na mimi nikawa najibu mmoja mmoja: punguza maji, ongeza maji, funika vizuri, palilia kwa makaa.

Nikaenda kwa muuza mchele ninayemwamini pale soko la Mgandini. Nilipomweleza, hakuuliza habari ya sufuria wala moto. Alichota mchele kwenye gunia la kwanza, akatia punje mbili mdomoni, akauma. Akanipa na mimi niume. Punje ilikubali kwa jino, ikasagika taratibu. Gunia la pili, punje ilipasuka kwa mlio. La kwanza lilikuwa la mavuno mapya, la pili limekaa ghalani tangu msimu uliopita. Mchele mpya bado una unyevu wake, hunywa maji kidogo na punje zake hushikana. Mchele wa zamani umekauka, unataka maji zaidi, na punje zake husimama moja moja. Ndiyo maana wapishi wa pilau za harusi huulizia mchele wa zamani na hulipa zaidi kuupata.

Kwa hiyo dada wa Mbeya, aliye karibu na mashamba na pengine alipika mchele uliokobolewa wiki ileile, na mama wa Maskati, anayeupata mchele baada ya safari na miezi ya kukaa, walikuwa na vyakula viwili tofauti mikononi. Wote wawili wanajua kupika. Kilichokosekana ni habari za mchele wenyewe, na habari hizo haziingii kwenye video ya dakika tatu yenye muziki na maandishi yanayoruka.

Tangu siku ile kila swali mnaloniuliza naliona linarudi nyuma zaidi ya jiko. Kwa nini dagaa hawa wana mchanga hata nikiwaosha mara nne? Kwa nini karafuu nilizonunua hazina harufu? Nitajuaje kama huu ni mchele wa Kyela kweli au ni gunia tu lililoandikwa Kyela? Majibu yako shambani, ziwani na ghalani, na mimi nataka kwenda kuyafuata huko kwa kamera na kwa pua yangu mwenyewe.

Tunaanza na mchele, maana mwezi wa tano na wa sita ndio wa mavuno kule Kyela. Mdogo wangu, ambaye mnamjua kwa mkono tu kwa sababu ndiye anayeshika kamera na kuiba maandazi, atakuwa nami. Tutapita Morogoro, Iringa na Mbeya, tushuke kutoka baridi ya Tukuyu mpaka joto la Kyela kandokando ya Ziwa Nyasa. Nataka muone mpunga ukikatwa, ukipigwa, ukianikwa, halafu ukiingia mashine ya kukoboa, pumba zikitoka huku, chenga kule, na mchele wenyewe katikati. Gunia la kilo 100 za mpunga hutoa mchele wa kilo kama 65 hivi, na ukishaliona hilo kwa macho, bei ya sokoni unaitazama kwa jicho lingine. Nataka pia tuzungumze na wakulima kuhusu mbegu. Wapo wanaoshikilia mbegu za zamani zenye harufu nzuri ingawa mavuno yake ni haba, na wapo waliohamia SARO 5 kwa sababu inazaa sana. Kila upande una hoja zake, na mimi nitapika michele yote miwili tuonje.

Baada ya mchele ni dagaa wa Mwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, kwa sababu taa haifui dafu mbele ya mwezi. Dagaa wakishafika nchi kavu, kila kitu kinategemea wameanikwa wapi. Walioanikwa juu ya mchanga watakuja na mchanga mpaka kwako, hata uoshe vipi. Walioanikwa kwenye chanja hutoka safi, hukauka sawasawa, na bei yao ni juu kidogo. Nitakwenda mwaloni Kirumba nikawaulize kina mama wanaochambua dagaa wanatofautisha vipi kwa mkono mmoja tu, kwa sababu nimeshawaona wakifanya hivyo bila hata kutazama.

Kisha Pemba, kwa karafuu. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, makonyo hutengwa, na zenyewe huanikwa juani mpaka ziwe kahawia na zikivunjwa zilie. Kwa leo jaribuni hili nyumbani: bonyeza kichwa cha karafuu kwa ukucha. Kikiacha mafuta, una karafuu. Kikiwa kikavu kama njiti, harufu yake ilishaondoka zamani. Nina hamu pia ya kufika Kigoma kwa ajili ya migebuka. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na natamani kuwasikia wavuvi na wachuuzi wenyewe wakieleza walivyoishi miezi ile na walichokikuta nyavu ziliporudi majini. Hiyo ya Kigoma haina tarehe bado. Itakuja tukiwa na nauli yake.

Nizungumze na hela, kwa sababu kituo hiki kinalisha nyumba mbili na mmekuwa mkiuliza. Mkataba wetu wa kutangaza mafuta ya kupikia uliisha mwezi Machi. Walitaka tuendelee, kwa sharti la video mbili kila wiki. Nilikaa nalo siku kadhaa, nikaona siwezi kuwa Kyela na jikoni kwa wakati mmoja, tukaagana kwa wema. Najua video moja ndefu kwa mwezi itatazamwa na watu wachache kuliko zile fupi. Nimeliweka hilo kwenye hesabu. Safari ya kwanza inalipiwa na akiba, na mdogo wangu anapiga picha za harusi wikendi mpaka tutakapoondoka. Tumebana, lakini tumetosha.

Ninyi mnaochangia shilingi 5,000 kila mwezi kama wanachama, mchango wenu unasimama tarehe 30 Aprili na hautakatwa tena mpaka Agosti. Akitaka mtu kujitoa moja kwa moja, njia iko wazi na urafiki uko palepale. Video zote za zamani zinabaki YouTube, hakuna inayofutwa. Mnaopika vitumbua vya biashara kwa kufuata ile video, endeleeni, haiondoki. Kundi la WhatsApp linabaki pia, na shangazi yangu wa Pangani ndiye atakayekuwa anajibu maswali ya jikoni. Mapishi mengi niliyowaonyesha nimeyatoa kwake, kwa hiyo mmepanda daraja. Oda za bizari ya pilau napokea mpaka Ijumaa hii, halafu nafunga mpaka nirudi.

Miezi hii mitatu sitakuwa nikiweka vipande vya safari. Nataka kwenda, nikae na watu, nisikilize, nile kwao, kabla ya kuanza kuwaza kipi kitapendwa. Kamera itakuwepo, lakini mtaona Agosti, yote kwa pamoja, ikiwa imekatwa vizuri na ina mwanzo na mwisho.

Nina ombi moja. Mnaolima mpunga, mliolelewa mashambani, mnaofanya kazi kwenye mashine za kukoboa, niandikieni kabla ya tarehe 10 Mei. Niambieni nimuulize nini mkulima, nitazame nini ambacho mtu wa mjini hukipita bila kukiona. Na mnaopika tu kama mimi, leteni maswali yenu ya mchele, hata yale mnayoona ni madogo. Nitayaandika kwenye daftari na kwenda nayo shambani.

Jumapili tunapika mkate wa kumimina, na ningependa tupike pamoja, kila mtu kwake. Lowekeni vikombe viwili vya mchele Jumamosi usiku. Siku ya pili muwe na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki ya kutwanga na yai moja, ambalo tutatumia ute wake tu. Sageni mchele na tui, hamira na sukari saa kumi na mbili jioni, uwe laini kabisa, mfunike uumuke. Saa moja nikiingia hewani muwe mmeshapasha sufuria, na mniandikie mchele wenu ni wa wapi na ni mpya au wa zamani.

Mama Salma
Barabara ya Kumi, Ngamiani, Tanga