Alama Sitini Bado Ziko Mezani

Kaeni, wanangu. Funga mlango hapo nyuma, Kidato cha Nne wako kwenye marudio.

Jana niliwagawia karatasi za maendeleo nikaona nyuso zenu. Wengine mlizikunja haraka, mmoja aliniambia, "Mwalimu, mwaka huu mimi basi tena." Nimelala na maneno hayo. Leo sitafundisha Jiografia, tutapiga hesabu.

Alama ya mwaka hapa shuleni ni 100. Jaribio la Machi lilibeba 10, mtihani wa Juni 20, jaribio la Septemba 10. Jumla 40, na hizo zimeshaandikwa, hakuna wa kuzifuta. Mtihani wa kufunga mwaka, wiki nne kutoka leo, unabeba 60. Maana yake sehemu kubwa ya matokeo yenu haijaandikwa na mtu yeyote.

Tumchukue mwanafunzi mwenye 11 kati ya 40 kwenye Hisabati. Leo ana F, na wengi humu ndipo mlipo. Ili afike 30, ambayo ni D, anahitaji 19 kati ya 60 zilizobaki. Karatasi inasahihishwa juu ya 100, kwa hiyo apate 32 tu. Karatasi yetu imefuata mtindo wa Baraza la Mitihani: sehemu A ina maswali 10, kila moja alama 6. Maswali sita aliyoyaelewa vizuri yanampa 36, amevuka. Sikuambii ujue kila kitu. Nakuambia chagua mada sita, uzifanye mpaka mkono uzoee. Na onyesha njia, jamani! Jibu likikosewa, njia bado ina alama. Karatasi niliyoumia kuiona Juni ni ile iliyorudishwa nyeupe, kwa sababu hapo hata mwalimu mwenye huruma hana pa kuweka alama.

Sasa divisheni, maana najua ndiyo inayowanyima usingizi. Zinahesabiwa pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Angalieni mwanafunzi huyu ubaoni. Uraia, Historia na Jiografia ana C, pointi 9. Kiswahili B, 2. Kiingereza na Biolojia D, 8. Hisabati F, 5. Jumla 24, divisheni three. Divisheni two inaishia pointi 21, kwa hiyo amepungukiwa pointi tatu tu.

Kiingereza ana 16 kati ya 40. Akipata 49 kwenye karatasi ya mwisho, anafika 45, ni C. Biolojia ana 15. Akipata 50, nusu ya karatasi, ni C pia. Kiswahili ana 28. Hapo kuna kazi, anahitaji 79 ili iwe A, lakini mtoto anayeshika B tangu Januari anaiweza. Amefika 21. Divisheni two, na Hisabati bado hatujaigusa! Akiitoa kwenye F kwenda D, ana 20. Na hizo C msizidharau, ndizo zitakazowafungulia tahasusi mkienda Kidato cha Tano.

Nafasi darasani nisiisemee sana, siipendi inavyowagombanisha. Ila mjue kwamba kati ya wa 18 na wa 26 humu ndani kuna tofauti ya alama 24 kwenye masomo manane. Alama tatu kila somo.

Ninyi wa mbele nanyi nisikieni, maana hesabu hii inashuka pia. Mwenye 31 kati ya 40 leo yuko A. Akibweteka akapata 40 kwenye mtihani, anamaliza mwaka na 55. C.

Najua mnaotoka Chamazi na Mbande mnafika nyumbani giza limeingia, na kwingine kuna wadogo wa kulea na maji ya kuchota. Ndiyo maana nimeomba chumba hiki kibaki wazi mpaka saa kumi na moja, Jumatatu hadi Alhamisi. Nitakuwepo. Mwalimu wa Hisabati amekubali Jumanne na Alhamisi. Anayetakiwa nyumbani mapema aniambie, nitaongea na mzazi wake mwenyewe.

Sasa toeni karatasi zenu za jana, zikunjueni. Kila mmoja achague masomo matatu, aandike alama aliyonayo kati ya 40, na anayohitaji kwenye mtihani ili apande daraja moja. Toa ulichonacho kwenye lengo lako, gawa kwa 60, zidisha kwa 100. Ukimaliza leta hapa mbele tuiangalie pamoja. Tuanze na dawati la dirishani.